Hesabu ya Masalo: Jinsi ya Kumfundisha Mpwa Wako Thamani ya Mteja Anayerudi

Kijana anapoanza kukaa nawe mezani sokoni, kuna jambo moja atalipenda bila kufundishwa na mtu: mauzo makubwa ya mara moja. Ni rahisi kuyaona. Noti zinahesabiwa mbele yake, meza inabaki tupu, na mchana wote unakuwa wake. Faida inayoletwa na mteja anayerudi kila siku haionekani hivyo. Inaingia kidogo kidogo, inachanganyika na chenji, na sehemu yake kubwa ni hasara ambayo haikutokea. Ndiyo maana kumwambia kijana "heshimu wateja wa kudumu" hakutoshi. Ataitikia "sawa shangazi", na siku utakapokwenda msibani atauza meza nzima kwa mtu wa kwanza mwenye gari. Ili abadilike, lazima aone hesabu. Mwongozo huu unakuonyesha hesabu yenyewe, namna ya kumpitisha ndani yake, na nini cha kufanya siku mnunuzi mkubwa atakapokuja, kwa sababu atakuja, na huna sababu ya kumfukuza.

Tutatumia nyanya. Ni bidhaa iliyoenea katika masoko yetu, na inaoza, kwa hiyo haifichi makosa ya mwenye meza. Wanaouza rejareja Dar es Salaam huamkia Ilala kununua matenga yaliyoshuka usiku kutoka Iringa, Morogoro au Lushoto. Wakifika kwenye meza zao huyafungua, huchambua, hupanga mafungu na kusubiri. Kati ya alfajiri na jioni kuna swali moja linaloamua kama siku imelipa: kati ya nyanya ulizonunua, ngapi zitauzwa zikiwa nzima, na ngapi zitageuka masalo?

Kwanza elewa thamani iko wapi

Wengi wakieleza uzuri wa mteja wa kudumu hujumlisha manunuzi yake: leo elfu nane, kesho elfu nane, kwa mwezi zaidi ya laki mbili. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini inaacha jambo zito zaidi. Katika bidhaa inayooza, mteja anayerudi anakupa kitu ambacho mpita njia hana cha kukupa: anakuwezesha kujua, ukiwa bado Ilala saa kumi alfajiri, ununue kiasi gani. Wateja wako wa kudumu ni ile sehemu ya mzigo ambayo tayari ina mwenyewe kabla hujaulipia. Sehemu iliyobaki ni kubahatisha, na masalo hutoka kwenye kubahatisha.

Hali hii haiko Tanzania peke yake. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz alichunguza soko la mji wa Sefrou nchini Morocco na kuandika mwaka 1978 kwamba kinachosumbua watu sokoni kuliko vyote ni kukosa taarifa: mnunuzi hajui ubora wala bei ya haki, na muuzaji hajui nani atanunua. Njia mojawapo waliyotumia watu wa Sefrou ilikuwa kurudi kwa muuzaji yuleyule ili wasianze upya kila siku kutafuta, kupima na kubishana. Mwenzake Sidney Mintz alikuwa ameandika mwaka 1961 kuhusu wanawake wachuuzi wa Haiti. Aliwaona wakiwapa wateja wao wa kudumu kipimo kilichojaa zaidi, bei nafuu kidogo au mkopo, yaani walikubali kupata pungufu kwenye kila mauzo ili wawe na uhakika wa mauzo hayo. Wanawake hao hawakuwa wakitoa sadaka. Walikuwa wakinunua uhakika, na uhakika una bei inayoweza kuhesabiwa.

Mfano: shangazi, kijana na bwana wa harusi

Chukua shangazi mwenye meza moja na mpwa wake aliyemaliza kidato cha nne. Bei hapa ni za mfano tu, badilisha uweke za soko lako. Kila alfajiri shangazi ananunua matenga mawili kwa shilingi 36,000 kila moja. Usafiri na ushuru ni 8,000. Mzigo umemgharimu 80,000. Kila tenga linatoa mafungu 50, kwa hiyo ana mafungu 100 ya shilingi 1,000, na kila fungu limemgharimu 800.

Anao mamantilie wanne wanaochukua mafungu manane kila mmoja, jumla 32. Akina mama wa mitaa ya jirani aliowazoea huchukua kama 18. Hayo ni mafungu 50 yenye wenyewe. Wapita njia huchukua 42, na manane hubaki yakalainika, akayauza kama masalo kwa 500. Siku ya kawaida basi anapata 92,000 na 4,000, jumla 96,000. Ukitoa 80,000, faida ni 16,000.

Siku moja shangazi amechelewa, kijana yuko peke yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakuja bwana mwenye gari la kukodi, ana shughuli ya harusi, mpishi amemwagiza nyanya na hana muda wa kuhesabu mafungu. Anatoa 60,000 kwa kila tenga. Kijana anakubali, anapakia, anapokea 120,000. Faida ni 40,000, yaani 24,000 zaidi ya siku ya kawaida, na jua halijawaka.

"Shangazi, leo tumemaliza mapema!"

"Hongera baba. Na Mama Asha alipokuja umempa nini?"

Hakumpa kitu. Mama Asha na mamantilie wenzake watatu walikuta meza tupu, na kwa kuwa wali na maharage havisubiri, wakaenda meza ya pili. Tuseme watatu wanarudi kesho yake kama kawaida, ila Mama Asha amepata huko nyanya nzuri na kaongezewa mbili, akaona abaki hukohuko. Shangazi bado ananunua matenga mawili, kwa sababu tenga haliuzwi nusu. Yale mafungu manane ya Mama Asha sasa hayana mwenyewe, yanaungana na masalo. Kila moja linauzwa 500 badala ya 1,000. Hasara ni 4,000 kwa siku. Zile 24,000 za ziada zinaliwa zote kwa siku sita. Siku ya saba shangazi anaanza kulipa kutoka mfukoni kwa mauzo ambayo kijana aliyashangilia. Wangeondoka mamantilie wawili, faida ya siku ingeshuka kutoka 16,000 hadi 8,000, nusu nzima, ingawa mbele ya meza watu wangeonekana karibu walewale.

Hapa kijana mwenye akili atauliza maswali, na ni vizuri aulize. La kwanza: kwa nini shangazi asipunguze mzigo? Anaweza, kama atampata jirani wa kugawana naye tenga. Akifaulu, hasara inakuwa ile faida ya 200 tu kwenye kila fungu, yaani 1,600 kwa siku, na 24,000 zitadumu siku 15 badala ya sita. Ni afadhali, lakini mwelekeo ni uleule. La pili: si wapita njia watayanunua hayo manane? Siku nyingine watayanunua. Tatizo ni kwamba alfajiri hujui kama leo ndiyo siku hiyo. La tatu ndilo zito: je, mama lishe huondoka kweli kwa kukosa nyanya siku moja? Mara nyingi haondoki, na usimdanganye kijana kwamba kila ukosefu unafukuza mtu. Kinachomfukuza ni kukuta meza tupu bila taarifa, zaidi ya mara moja, huku jirani akimhudumia vizuri. Kwa hiyo usimfundishe kijana kukataa mauzo makubwa. Mfundishe namna ya kuyapokea.

Mnunuzi mkubwa akija: hatua za kufuata

Rudi kwenye asubuhi ileile. Kijana angeweka pembeni tenga moja la wateja waliozoeleka na kuuza la pili kwa 60,000. Kwenye tenga lililouzwa angepata faida ya 20,000. Kwenye lililobaki, mafungu 50 kwa wateja wanaojulikana, 10,000. Jumla 30,000. Si 40,000, lakini ni karibu mara mbili ya siku ya kawaida, na Mama Asha amehudumiwa. Mfundishe utaratibu huu na arudie mpaka aweze kuufanya bila wewe:

1. Muulize mnunuzi ni za shughuli gani, zinatakiwa lini, na kama huwa ananunua mara kwa mara. Mpishi wa sherehe anayefanya kazi kila Jumamosi si mauzo ya mara moja. Ni mteja wa kudumu ambaye hujamfahamu bado, na anastahili bei ya kumrudisha.

2. Kabla ya kutaja bei, hesabu mafungu ya wateja wako wa kila siku na uyatoe mezani. Yaweke kwenye ndoo au kreti chini ya meza, yafunikwe. Ukiyaacha mbele ya macho, noti zitakushinda.

3. Taja bei ya kilichobaki tu. Kama ni tenga moja, sema una tenga moja.

4. Kama anataka zaidi, mchukulie kwa jirani. Patana na jirani kwanza, kisha fungua tenga ukague mpaka chini, kwa sababu zikiharibika mnunuzi atakurudia wewe. Jirani uliyemletea mauzo leo atakuletea siku yake.

5. Pokea pesa kabla ya kupakia. Akilipa kwa simu, angalia salio kwenye simu yako mwenyewe. Ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake si malipo.

6. Chukua namba yake, andika jina na aina ya shughuli.

> Tahadhari
> Ikiwa mzigo wote umeondoka kwa sababu yoyote, wapigie simu wateja wako wakubwa kabla hawajatoka nyumbani. Mama lishe aliyeambiwa mapema "leo sina, kesho nakuwekea" hukasirika kidogo. Aliyefika akakuta mbao tupu hukasirika sana.

Daftari la wiki mbili

Maelezo yote hapo juu yatapita sikio moja yatoke la pili iwapo kijana hatayaona kwenye maandishi yake mwenyewe. Mpe daftari dogo na kazi moja. Kila jioni, kabla ya kufunga meza, aandike namba tatu: mafungu yaliyochukuliwa na watu anaowajua kwa sura, yaliyochukuliwa na wasiojulikana, na masalo. Usimweleze bado unatafuta nini. Siku mbili za kwanza hatajua nani ni nani, ndipo utamsaidia: yule wa kitenge cha bluu ni wa kila siku, yule aliyeshuka kwenye bajaji ni mgeni.

Baada ya wiki mbili kaa naye mpitie safu moja baada ya nyingine. Kwenye meza nyingi ataona kwamba namba ya wanaojulikana haisogei sana: leo 50, kesho 47, keshokutwa 52. Namba ya wageni inarukaruka, 48 siku ya mwisho wa mwezi, 20 siku ya mvua. Kisha mwambie aziangalie siku ambazo masalo yalizidi na atafute sababu. Karibu kila mara sababu itakuwa kwenye safu ya wageni. Kama kwenye daftari lako si hivyo, kama wanaojulikana nao wanarukaruka, basi umegundua jambo la muhimu zaidi: hao si wateja wa kudumu kama ulivyodhani, na ndiyo kazi ya kuanza nayo.

Hatua inayofuata ni kumpa kijana uamuzi wa kununua. Usiku mwambie ataje, kwa kutumia daftari, kesho muende na matenga mangapi na kwa nini. Akikosea, acha mkosee pamoja siku moja. Tenga lililobaki jioni linafundisha vizuri kuliko karipio.

Kinachomrudisha mteja mezani

Watu husema mteja hurudishwa na lugha nzuri. Lugha nzuri ni wajibu, lakini mama lishe anayekata nyanya saa tatu asubuhi hakumbuki ulivyotabasamu. Anakumbuka alichokuta ndani ya nyanya. Kosa linalofukuza wateja wengi ni kufunika: nyanya ngumu na nyekundu juu ya fungu, zilizopondeka chini. Kwa mpita njia kosa hilo linalipa mara moja. Kwa anayerudi linalipwa kesho, naye hakuambii, anapita tu njia nyingine. Mwonyeshe kijana akiwa ameshika nyanya mkononi: afungue tenga lote mara linapofika, asichukue za juu tu, kwa sababu za chini zimebeba uzito wa safari nzima na zikipasuka maji yake yanaozesha za jirani. Atenge makundi matatu. Zilizoiva kabisa ni za mchuzi wa leo. Zenye rangi ya chungwa bado ngumu ni za kachumbari na za kukaa siku mbili tatu. Zilizopasuka ziende kwa masalo mapema, zingali na bei. Asizioshe kwa kutaka zing'ae, maana unyevu unaozesha, na azikinge na jua.

Baada ya hapo swali la kumuuliza mteja ni moja: "Za leo au za kesho?" Muuzaji anayeuliza hivyo na kutoa kinachofaa ameshamwokolea mama lishe hasara yake, kwa sababu naye ana masalo yake jikoni.

Nyongeza ni silaha nzuri inayotumiwa vibaya. Fungu la nyanya sita limekugharimu 800, kwa hiyo nyanya moja ni kama 133. Mama Asha akichukua mafungu manane, faida yako kwake ni 1,600. Ukimwongeza moja au mbili umebaki vizuri, naye ameona umemtofautisha na wengine. Lakini kijana akiongeza nyanya moja kwa kila anayeomba kwenye fungu moja, katika faida ya 200 imebaki 67. Fanya iwe kanuni: nyongeza inafuata wingi na mazoea, haifuati kelele. Na itolewe bila kuombwa, mara kwa mara, si kila siku. Ikiwa ya kila siku inageuka haki, na siku utakapoikosa utaonekana umepunja.

Kuhusu bei wakati wa uhaba, kwa mfano masika barabara za vijijini zinapoharibika na nyanya zikapungua, wauzaji wengi huacha fungu kwenye 1,000 na kupunguza idadi kutoka sita hadi nne. Si kosa, gharama imepanda kweli. Kosa ni kunyamaza. Mteja wa kudumu aambiwe kabla hajahesabu mwenyewe: "Tenga limepanda, leo ni nne." Wala usimpandishie zaidi ya kilichopanda kwa sababu hana pa kwenda leo. Miezi miwili baadaye nyanya zitajaa kila meza, na atakuwa na pa kwenda.

Mkopo: pale mazoea yanapogeuka hasara

Kuna hoja ya haki dhidi ya yote haya: wateja wa kudumu ndio wanaokopa. Ni kweli, na ndipo meza nyingi zinapofia. Mwonyeshe kijana uzito wake. Mama akichukua mafungu manane kwa mkopo asilipe, mtaji uliopotea ni 6,400. Ili kuurudisha kwa faida ya 200 unahitaji kuuza mafungu 32, yaani manunuzi ya mamantilie wote wanne kwa siku nzima, ukibaki sifuri. Kuna hasara ya pili ambayo vijana hawaioni: anayedaiwa hukwepa meza. Ukimkopesha kupita uwezo wake umepoteza pesa na umempoteza mteja aliyekuwa analipa vizuri taslimu.

Kwa hiyo weka mpaka kabla ya kuombwa. Mkopo usizidi manunuzi ya siku moja ya mtu huyo, ulipwe kabla ya kuchukua mwingine, na uandikwe mbele yake kwa jina, tarehe na kiasi. Anayechukua manane haongezewi hadi ishirini kwa sababu amekopa. Kijana asiruhusiwe kukopesha mtu mpya peke yake. Mfundishe sentensi ya kujikinga, "ngoja shangazi aje", kwani kijana wa miaka kumi na tisa hawezi kumnyima mama wa umri wa mama yake, wala usimtegemee aweze.

Elewa pia kwamba wewe nawe ni mteja wa kudumu wa mtu. Muuzaji wa jumla anayekuona kila alfajiri ndiye atakayekupa mali kauli siku mtaji umeyumba, na ndiye atakayekuambia tenga lipi limekaa siku mbili. Siku ya kwanza unapompeleka kijana Ilala, mtambulishe.

Mahali hesabu hii haifanyi kazi

Usimfundishe kijana jambo hili kama sheria ya kila mahali. Anayeuza vitanda hatamwona mnunuzi yuleyule kwa miaka, na faida yake iko kwenye mauzo yenyewe na kwenye sifa atakayosambaza mnunuzi. Mwenye meza kwenye stendi kubwa kama ya Magufuli kule Mbezi anauzia abiria ambao kesho wako Mwanza, ingawa hata pale makondakta, madereva na wapiga debe wanarudi kila siku, na wao ndio wa kuanza nao. Na hata kwenye meza ya nyanya, saa kumi na moja jioni mbele ya tenga lililolainika, mnunuzi mkubwa mpe kwa bei yoyote inayozidi ya masalo. Wakati huo hakuna mteja wa kesho unayemhifadhia.

Hatari nyingine iko upande wa pili: kumtegemea mteja mmoja. Mwenye hoteli akichukua nusu ya mzigo wako kila siku, utaanza kununua kwa ajili yake, atapanga bei yeye, na siku akifunga umebaki na tenga zima. Wanne wa mafungu manane ni salama kuliko mmoja wa 32. Kwa kipimo cha meza ndogo, usikubali mtu mmoja avuke robo ya mzigo bila kutafuta wengine wa kumsawazisha.

Namba za simu nazo ziandikwe mahali pasipo mezani. Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku, na wafanyabiashara wakalazimika kuhamia kwingine. Katika hali kama hiyo meza inaweza kupotea kabisa, lakini mwenye namba za wateja wake anaweza kuwaambia yuko wapi.

Dalili kwamba mteja anaondoka

Mteja wa kudumu kwa kawaida haondoki ghafla kama hujamtukana. Hupungua kwanza. Mfundishe kijana kuangalia hizi, na aulize siku hiyohiyo:

- Aliyechukua manane sasa anachukua matano, na bado anapika chakula kilekile. Matatu anayapata kwingine.
- Anafika akiwa tayari na mfuko wenye nyanya.
- Ameanza kugeuza fungu aone chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya.
- Anatuma mtoto badala ya kuja, hasa kama kuna deni.

Swali lisiwe la lawama. "Mama, juzi zilikuwa mbaya?" linatosha. Akisema ndiyo, mrudishie mafungu mawili bila kubishana. Yamekugharimu 1,600, yaani faida yako kwake ya siku moja.

Mwisho wa mwezi wa pili mwachie kijana meza siku tatu mfululizo, wewe ukae nyumbani. Usimuulize ameuza kiasi gani. Chukua daftari uangalie safu ya masalo, kisha siku ya nne kaa mezani mwenyewe tangu saa kumi na mbili uhesabu: kati ya wale wanne, wamekuja wangapi, na kila mmoja amechukua mangapi.